Mama Lishe na Baba Lishe wa Dar es Salaam: Karibuni Mjaze Dodoso Kuhusu Nishati ya Kupikia

Shikamooni mama zangu na baba zangu, habari za kazi dada na kaka wote mlio jikoni.

Naitwa Neema, mwanafunzi wa Shahada ya Uzamili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nawaomba mnisaidie kujaza dodoso la utafiti wangu, unaohusu nishati mnayopikia chakula cha biashara: mkaa, kuni, gesi, umeme, au mchanganyiko wa hivyo.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Ni lengo jema, hasa kwa sisi tuliokulia kwenye moshi. Lakini jungu la kulisha wateja si sufuria la nyumbani. Maharage ya kilo kadhaa hukaa motoni kwa saa nyingi, na wali wa biashara wengi bado mnaupalia makaa juu ya mfuniko ili uive sawasawa, jambo ambalo jiko la gesi halifanyi. Tena mkaa unanunulika kwa kopo, kadiri ya hela iliyopo asubuhi hiyo. Mtungi ukiisha unadai fedha yote kwa mkupuo. Hayo mnayajua ninyi. Ndiyo maana nataka yaandikwe kwa majibu yenu, si kwa kukisiwa na mtu ambaye hajawahi kupika chakula cha kuuza. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye jungu la mama yangu, kwa hiyo kazi hii naifanya kwa moyo wote.

Anayeweza kujaza ni yeyote mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, anayepika na kuuza chakula katika wilaya yoyote kati ya Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kama wewe ni msaidizi, si mwenye biashara, jaza pia. Anayekaa karibu na moto mara nyingi ni wewe.

Dodoso lina maswali 24 na huchukua kama dakika 12. Mengi ni ya kuchagua jibu. Matatu tu ya mwisho yanataka maelezo mafupi. Kiungo chake nimekibandika juu kabisa ya kundi hili. Asiye na simu janja, au asiyependa kuandika, aniambie kwa namba hii ninayotumia humu. Nitampigia na kumsomea maswali baada ya saa 9 alasiri, wateja wa mchana wakishapungua.

Sasa suala la siri, maana najua ndilo linalowatia wengi wasiwasi. Dodoso haliulizi jina, namba ya simu, leseni, kitambulisho cha mjasiriamali wala mahali hasa ulipoweka meza yako. Linauliza wilaya tu, kwa sababu mtaa ukitajwa, mpishi aliye peke yake pale angetambulika. Majibu ya mtu mmoja mmoja hayatapelekwa halmashauri, TRA, kwa mgambo wala kwa muuzaji wa gesi. Nitakaoongea nao kwa simu nitaona namba zao, hilo siwezi kulikwepa. Nitaandika majibu bila namba, kisha nitaifuta. Sitarekodi sauti. Majibu yote yatakaa kwenye kompyuta yenye nywila, tutayaona mimi na msimamizi wangu tu, na nitayafuta miezi 12 baada ya kukabidhi tasnifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanibana pia.

Kushiriki ni hiari. Swali usilolipenda liruke, na unaweza kuacha katikati bila kumweleza mtu sababu. Ila ukishatuma, sitaweza kuyaondoa majibu yako, kwa kuwa sitajua yapi ni ya nani. Hakuna malipo, na sitaki mtu ajaze akitarajia mtungi au jiko la bure.

Mwisho wa kupokea majibu ni Ijumaa, tarehe 27 Novemba 2026, saa 4 usiku. Baada ya hapo dodoso litafungwa. Mwezi Machi 2027 nitaleta humu humu matokeo kwa ufupi, kwa Kiswahili, muyasome kabla hayajawekwa kwenye rafu ya maktaba.

Mwenye swali aniulize hapa kundini au faragha. Kibali cha utafiti ninacho, na atakayetaka kukiona nitamtumia picha yake. Tafadhali mfikishieni ujumbe huu na jirani yenu wa meza ya pili ambaye hayumo kundini.

Ahsanteni sana.

Neema
Mwanafunzi wa Uzamili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam