Teksi ya Baba Zawadi

Kila alfajiri Baba Zawadi hupaki stesheni ya Kigoma akisubiri abiria wa treni. Ujiji, Kibirizi, uwanja wa ndege, halafu sheli. Lita kumi kwa siku. "Gari linakunywa kuliko mlevi," alikuwa akimwambia mkewe, na mkewe anacheka huku daftari la hesabu halicheki.

Mwezi uliopita tairi zake zilikuwa vipara. Akaja dukani kwetu Mwanga, tukamfungia nne mpya, zile za mpira usiopoteza nguvu nyingi unapobonyea barabarani. Injini haivuti kwa shida. Tukapima upepo kulingana na kibandiko cha mlangoni (wengi hawakisomi kabisa, hata madereva wa miaka ishirini!).

Hatukumwahidi miujiza. Lakini tarehe 30 alirudi na daftari: lita kumi na moja zimebaki mfukoni, yaani siku nzima ya kazi bila kulipia mafuta. Jioni hiyo alibeba bati moja juu ya gari, la jikoni kwa mama Zawadi, palipokuwa pakivuja.

Tupo Mwanga, jirani na soko. Kupima upepo ni bure, hata kama hununui.