Kuh: Malalamiko MLW-2503-08816: Muamala wa 14 Machi 2025 uliokatwa mara mbili, Sh 486,500, na tozo zilizofuata

Kwa: Msimamizi, Kitengo cha Malalamiko ya Wateja
Nakala: Meneja wa Tawi, Morogoro
Tarehe: Jumanne, 8 Aprili 2025
Akaunti: ya akiba, inayoishia 4417
Kadi: Visa, inayoishia 2093

Ndugu Msimamizi,

Habari za kazi. Barua pepe hii inachukua nafasi ya ile ya 20 Machi 2025. Nimeongeza namba za miamala, mtiririko wa salio na vielelezo vya upande wa duka, na ndani yake namjibu pia afisa wenu aliyeniandikia tarehe 26 Machi. Naomba ifunguliwe chini ya namba ileile ya malalamiko, isianzishiwe faili jipya.

Ninadai kurejeshewa Sh 514,700. Kati ya hizo, Sh 486,500 ni malipo yaliyokatwa mara ya pili kwa manunuzi yaleyale, na Sh 28,200 ni tozo mbili ambazo zisingekuwepo kama fedha hizo zingebaki kwenye akaunti.

Ijumaa 14 Machi 2025 nililipia kwa kadi kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Morogoro: bati 15 kwa Sh 28,500 kila moja, misumari ya bati kilo 8 kwa Sh 4,500 na kofia 2 kwa Sh 11,500. Jumla Sh 486,500. Kadi ilichomekwa, nikaingiza namba ya siri, mashine ikakaa bila majibu kisha ikatoa karatasi iliyoandikwa `NO RESPONSE`. Karatasi hiyo haina namba ya idhini. Muuzaji akarudia, na safari hii ikatoka `APPROVED`. Kwenye akaunti yangu, hata hivyo, yote mawili yamekatwa:

Saa 10:42 jioni, RRN 507313004518, Sh 486,500. Salio likashuka kutoka 1,012,300 hadi 525,800.
Saa 10:45 jioni, RRN 507313004521, namba ya idhini 731904, Sh 486,500. Salio likashuka hadi 39,300.

Ninaoupinga ni ule wa kwanza, RRN 507313004518. Wa pili ni halali na sina neno nao.

Majibu ya 26 Machi yanasema miamala hii ina namba tofauti za kumbukumbu na yote inaonekana imefanikiwa, kwa hiyo si marudio, na kwamba nikamwone mwenye duka. Sikubaliani na hoja hiyo. Kila mashine inapojaribu upya hutoa RRN mpya, hata kama ni kadi ileile, kiasi kilekile na bidhaa zilezile. Namba kutofautiana kunaonyesha kwamba mashine ilijaribu mara mbili, hakuonyeshi kwamba niliuziwa mara mbili. Na kufanikiwa kwenye mfumo wenu maana yake ni kwamba nyinyi mliidhinisha na kukata. Jibu lenu ndilo halikufika dukani. Mashine isipopata jibu hutakiwa kutuma ombi la kubatilisha muamala. Ombi hilo likipotea njiani, au likifika bila kuoanishwa na muamala wake, fedha ya mteja hubaki imekatwa na duka halioni kitu. Hapo ndipo naomba muanze kutafuta, badala ya kunirudisha kwa mwenye duka.

Kwa mwenye duka nimekwisha kwenda, na ushahidi wake ni mzito. Ripoti ya kufunga hesabu za mashine ya jioni ya 14 Machi ina muamala mmoja tu wa Sh 486,500, wenye idhini 731904. Taarifa ya akaunti ya duka, iliyo kwenye benki nyingine, inaonyesha malipo hayo yameingia mara moja, Jumatatu 17 Machi. Risiti ya EFD ni moja. Kama ningenunua mara mbili zingekuwepo risiti mbili. Mwenye duka ameandika barua yenye mhuri akithibitisha haya, nayo nimeiambatisha.

Kuhusu tozo: kati ya 14 na 25 Machi sikufanya muamala mwingine wowote. Jumanne 25 Machi agizo la kudumu la rejesho la mkopo wangu, Sh 310,000, lilishindwa kwa sababu salio lilikuwa Sh 39,300. Bila makato ya kwanza lingekuwa Sh 525,800, na rejesho lingepita likabaki Sh 215,800. Siku hiyohiyo mkakata Sh 22,000, kodi zikiwemo, kwa agizo lililoshindwa, na tarehe 26 Machi Sh 6,200, yaani asilimia 2 ya rejesho, kwa kuchelewa kulipa. Nililipa rejesho hilo kwa fedha taslimu kaunta tarehe 27 Machi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo yafanyike.

Kwanza, angalieni kama RRN 507313004518 ilifuatiwa na madai ya malipo kutoka benki ya duka. Kama hayakuja, Sh 486,500 zimeshikiliwa ndani ya mfumo wenu wenyewe, na kuziachia hakuhitaji kibali cha mtu wa nje. Kama yalikuja na mkayalipa, basi fungueni shauri dhidi ya benki ya duka kwa kipengele cha Visa 12.6.1, malipo yaliyochakatwa mara mbili. Kipengele hicho kina ukomo wa siku 120. Tukihesabu tangu siku ya muamala wenyewe, zinaisha 12 Julai 2025, na siku 25 zimekwishapita. Naomba nijulishwe kwa maandishi ni lipi kati ya hayo mawili mmelikuta.

Pili, rudisheni Sh 22,000 na Sh 6,200, kila moja kwa ingizo lake lenye kutaja tozo inayofutwa, ili taarifa ya akaunti isomeke vizuri.

Tatu, ucheleweshaji wa siku 2 ufutwe kwenye kumbukumbu ya mkopo wangu. Kama umekwishapelekwa kwenye kanzidata ya taarifa za wakopaji ya Benki Kuu, pelekeni marekebisho na mnipe nakala. Hili nalipa uzito uleule wa fedha, maana doa hilo litaonekana kwa kila nitakayemwomba mkopo baadaye.

Naomba fedha ziwe zimerudi, au nipate majibu ya maandishi yenye sababu, kufikia Alhamisi 24 Aprili 2025. Hizo ni siku kumi za kazi kuanzia kesho, ukitoa Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka. Ikipita siku hiyo kimya, nitawasilisha shauri hili, pamoja na barua pepe hii na majibu yenu ya 26 Machi, kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania.

Mnaweza kunipigia kwa namba iliyosajiliwa kwenye akaunti, inayoishia 362, lakini uamuzi wenyewe naomba uje kwa barua pepe. Sitataja namba kamili ya kadi wala namba ya siri kwa simu.

Nimeambatisha: karatasi mbili za mashine (nakala na picha, kwa kuwa wino wake hufifia), risiti ya EFD, ripoti ya mashine ya 14 Machi, ukurasa wa taarifa ya akaunti ya duka wenye malipo ya 17 Machi, barua ya mwenye duka, taarifa ya akaunti yangu ya 1 hadi 31 Machi nikiwa nimeweka alama kwenye mistari minne inayohusika, stakabadhi ya kaunta ya 27 Machi, na majibu yenu ya 26 Machi.

Wenu,
Rehema Mshana
Mwenye akaunti inayoishia 4417
Morogoro