Barua kwa mwenzi: njoo upime kaswende

Kumb. Na. K-47
SIRI: ifunguliwe na mwenyewe tu

Kliniki ya Magonjwa ya Ngono
Kituo cha Afya cha Serikali, Tanga Mjini
Machi 2025

Ndugu,

Salaam. Tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako. Aliyekukabidhi ni mhudumu wetu. Amepewa bahasha iliyofungwa na hajui kilichomo.

YAH: KUPIMA NA KUTIBIWA KASWENDE

Mtu uliyewahi kukutana naye kimwili amepimwa na kukutwa na kaswende. Kwa hiyo inawezekana nawe umeambukizwa. Tunasema inawezekana kwa sababu hatujakupima. Tunakuomba ufike kliniki ndani ya wiki hii, hata kama hujisikii chochote.

Najua swali la kwanza: ni nani? Hilo hatutakujibu, leo wala baadaye. Hatutakuambia jina, umri, kama ni mwanamume au mwanamke, anakaa wapi, wala alikuja lini. Ndiyo maana barua hii ina mwezi tu bila tarehe, na hatuzitumi siku ileile mtu anapotibiwa. Wapo wanaotutajia jina mojamoja huku wakimkazia muuguzi macho waone kama atashtuka. Mchezo huo tumeshauzoea. Jina lako nalo tulilitumia kukufikishia bahasha tu. Kwenye daftari letu wewe ni K-47, na huyo mtu hataambiwa kama ulikuja, kama hukuja, wala majibu yako yalikuwaje.

Tunakusihi pia usianze kubahatisha, wala usimkabili mtu yeyote kwa hasira. Kaswende inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili. Anayekutwa nayo leo huenda aliipata zamani sana, na anayegundulika wa kwanza si lazima awe ndiye aliyeileta. Damu haituambii nani alimwambukiza nani, na wala hatutafuti mkosaji. Kama una hofu kwamba mtu nyumbani atakudhuru akijua habari hizi, tuambie ukifika, tupange pamoja namna ya kukulinda.

Ugonjwa wenyewe huanza na kidonda kwenye uume, uke, njia ya haja kubwa au mdomoni, kwa kawaida wiki 3 hivi baada ya kuambukizwa, ingawa kinaweza kuchelewa hadi siku 90. Mara nyingi hakiumi. Kikiwa ndani ya uke au kwenye njia ya haja kubwa hukioni kabisa. Baada ya wiki chache kinapona chenyewe, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika, wakadhani maji ya chumvi au vidonge viwili vya duka la dawa vimefanya kazi. Vijidudu bado vimo kwenye damu. Baadaye unaweza kutokwa na upele, hata kwenye viganja na nyayo, tezi zikavimba au nywele zikanyonyoka kwa mabaka. Hayo nayo huondoka yenyewe. Usipotibiwa, miaka ikipita unaweza kushambuliwa moyo, ubongo, mishipa ya fahamu na macho.

Kaswende huambukizwa kwa kujamiiana, iwe ukeni, kwa njia ya haja kubwa au kwa mdomo. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto tumboni, mimba ikaharibika, mtoto akazaliwa mfu au akazaliwa mgonjwa. Kama una ujauzito, au mwenzi wako anao, usisubiri wiki iishe. Njoo kesho asubuhi. Ugonjwa huu haupatikani kwa kula sahani moja, kuazimana nguo au kutumia choo kimoja, kwa hiyo watoto wa nyumbani usiwe na wasiwasi nao kwa hayo.

Ukifika, usipange foleni ya dirisha la kadi. Nyoosha moja kwa moja hadi chumba namba 9, mkabala na maabara, uonyeshe namba K-47 iliyo juu ya barua hii. Huna haja ya kueleza shida yako mlangoni. Kwenye benchi hilohilo hukaa watu wa presha na kisukari, hivyo anayekuona hajui umefuata nini. Tupo Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na Jumanne tunabaki hadi saa 12 jioni kwa ajili ya walioko kazini. Kipimo na dawa hulipii.

Tutakutoboa kidole, tuchukue tone la damu, na majibu ya awali utayapata ndani ya dakika 20. Ukikubali, tutakupima na VVU. Ukikataa, cha kaswende utapimwa vilevile. Kama ulishawahi kutibiwa kaswende, sema mapema, maana kipimo hiki cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha ugonjwa hata baada ya kupona, na itabidi tukuchukue damu ya mkononi kwa kipimo cha pili.

Kama mlikutana ndani ya miezi 3 iliyopita, tutakushauri uchomwe sindano siku hiyohiyo, hata kipimo kikionyesha huna ugonjwa. Mwanzoni kabisa damu huwa haijaanza kuonyesha. Tukikuacha uondoke bila sindano, unaweza kuugua na kuambukiza wengine.

Dawa ni benzathini penisilini, uniti milioni 2.4, inayochomwa kwenye makalio, kwa kawaida nusu kila upande. Tusidanganyane, sindano hii inauma, na unaweza kukaa upandeupande hadi kesho yake. Kwa ugonjwa wa karibuni inatosha mara moja. Ukiwa umekaa nao zaidi ya miaka 2, au haijulikani umeanza lini, utachomwa mara 3, kila baada ya wiki. Kama penisilini iliwahi kukuletea vipele, kuvimba uso au kubanwa pumzi, tuambie kabla ya sindano. Zipo dawa nyingine, ikiwemo doksisaiklini ya kumeza kwa siku 14, ila hiyo hatumpi mjamzito. Baada ya sindano utakaa nasi nusu saa tukuangalie. Usiku wa kwanza unaweza kupata homa, baridi na maumivu ya kichwa. Hutokea vijidudu vinapokufa, na huisha ndani ya saa 24. Kunywa maji na parasetamoli. Mjamzito akipata homa hiyo, au akihisi tumbo kukaza, arudi kituoni mara moja.

Kuanzia sasa usijamiiane na mtu hadi upimwe. Ukishatibiwa, subiri siku 7 zaidi, na kama una kidonda, hadi kipone kabisa. Kondomu inapunguza hatari, lakini kidonda kilicho nje ya pale inapofunika bado kinaambukiza. Kupona leo hakukukingi kesho. Anayekutana tena na mwenye ugonjwa anaambukizwa upya. Tutakuomba urudi baada ya miezi 6 na 12 tuone kama damu imetulia.

Kama nawe una wenzi wengine, utaamua mwenyewe: umwambie, uje naye, au sisi tumpelekee bahasha kama hii, naye hatajua imetoka kwako.

Ukisafiri, nenda kituo chochote cha serikali kilicho karibu ueleze kwamba umearifiwa kuwa mwenzi wako ana kaswende. Maneno hayo yanatosha. Kwa maswali ya afya kwa simu, namba ya Wizara ya Afya ni 199, bila malipo.

Ukimaliza kusoma, iandike K-47 mahali unapopajua mwenyewe, kisha uichane barua hii.

Muuguzi wa zamu, chumba namba 9
Kliniki ya Magonjwa ya Ngono