Tugonge Glasi: Miaka 15 ya Kampuni Yetu

Shikamooni wazee wangu. Wateja wetu, wafanyakazi wenzangu, na ninyi wenza wao ambao kila siku simu ikilia usiku mnajua ni jokofu la mtu: karibuni sana. Glasi ziko mezani, na sitaongea mpaka soda ziishiwe gesi.

Mwaka 2010 tulikuwa fremu moja Gerezani, mafundi 3 wa majokofu, geji seti moja na pampu ya vakyumu ya kuazima. Leo tuko 22, na wafanyabiashara wa samaki wa Feri waliotupa kazi ya kwanza wamekaa meza ile pale.

Kazi yetu ina njia ya mkato, na kila fundi humu anaijua. Unachomea bomba, unajaza gesi bila kuvuta vakyumu, chumba cha baridi kinapoa, unalipwa, unaondoka. Siku chache baadaye unyevu uliobaki ndani unaganda kwenye tundu la vali, gesi haipiti, na samaki waliopaswa kukaa nyuzi 18 chini ya sifuri wanaanza kuchuruzika maji. Hapo anayelia ni mama aliyeweka mtaji wake wote mle ndani.

Ninyi mmekataa njia hiyo. Mmejaza naitrojeni, mkapaka povu la sabuni kiungo kwa kiungo, mkachuchumaa na tochi kusubiri kipovu kimoja kidogo kivimbe. Mmevuta vakyumu, mkafunga vali, mkakodolea macho mshale wa geji, huku mwenye mali akiuliza kwa mara ya tatu, "Bado tu?" Saa hizo hazionekani kwenye ankara. Mimi naziona, na nawashukuru kwa moyo wangu wote.

Dada zetu wa mapokezi na mzee wetu wa stoo, asanteni. Kapasita inayopatikana saa mbili usiku imeokoa kompresa nyingi kuliko hotuba yoyote.

Jana tukipamba ukumbi huu umeme ulikatika, ukarudi. Kijana wa muziki akakimbilia swichi, na mafundi 6 wakapaza sauti kwa pamoja: "Subiri dakika 5!" Jamani, kompresa ndiyo inayosubiri presha ishuke, isije ikaungua ikijaribu kuwaka. Spika haina presha! Lakini yule kijana alisubiri dakika zote 5, na muziki mnausikia ulivyo mzuri.

Wateja wetu, mmetuamini na riziki zenu. Hilo ni deni, na tutaendelea kulilipa kazini.

Sasa naomba tusimame, kila mtu na glasi yake. Kwa wale 3 wa Gerezani, kwa vijana waliojiunga mwaka huu, na kwa kila mama wa Feri anayefunga mlango wa chumba cha baridi jioni akalala usingizi. Afya njema, na maisha marefu kwa kampuni yetu! Tugonge!