Mwaliko wa Siri: Kumuaga Baba Kazini, Mikindani, Jumamosi Tarehe 27 Juni 2026

Ndugu yetu mpendwa,

Assalaam alaikum. Tunakuomba uusome ujumbe huu ukiwa peke yako, kwa sababu baba yetu, Mzee Hamisi, hajui lolote kuhusu jambo lililomo, na tungependa aendelee kutojua hadi saa tisa na nusu alasiri ya siku iliyotajwa hapo juu.

Kama unavyofahamu, Baba anatimiza miaka 60 na kustaafu Jumanne tarehe 30 Juni, baada ya miaka 38 katika Bandari ya Mtwara, alikoingia mwaka 1988 akiwa karani wa kuhesabu shehena. Wenzake wa kazini watamuaga siku hiyohiyo, naye anaamini kwamba shughuli ni hiyo moja tu. Sisi wanawe tumeona tutangulie, kwa kuwa misimu ya korosho, meli zilipokuwa zikipakiwa usiku na mchana, ilimkosesha harusi nyingi na hata akika za wajukuu, na hatujawahi kumkalisha katikati ya ndugu na marafiki zake akala bila kuangalia saa.

Shughuli itafanyika Mikindani, nyumbani kwa Shangazi, kilomita zipatazo 10 kutoka Mtwara mjini. Baba ameambiwa kwamba siku hiyo kuna kikao cha ukoo kuhusu mipaka ya shamba la mikorosho, na kwamba kikao kitaanza saa kumi kamili. Kwa kuwa tabia yake ni kufika nusu saa kabla ya wengine, tunakuomba uwe umeshaingia ndani ifikapo saa nane na nusu mchana. Atakayechelewa asije kabisa hadi apigiwe simu, maana akikutana naye mlangoni kazi yetu yote itakuwa imeharibika. Sala ya alasiri tutaisali pale pale baada ya kumpokea. Shangazi, ambaye hapendi uongo hata wa heri, amekubali kutupa nyumba yake kwa sharti kwamba mipaka hiyo izungumzwe kweli, hivyo mtatuvumilia kwa robo saa.

Wanaotoka Lindi na Masasi washuke Mikindani moja kwa moja, wasifike stendi ya Mtwara, kwa sababu jirani na hapo ndipo Baba anapokunywa kahawa kila Jumamosi. Wanaotoka Newala na Tandahimba hawana budi kupitia mjini. Hao watapokelewa na Salumu na kuletwa kwa gari, na tafadhali wasipite nyumbani Chikongola kusalimia, hata kama heshima inawasukuma. Magari na pikipiki ziachwe nyuma ya nyumba, kwenye minazi, vijana watawaonyesha. Mzee huyu amehesabu makontena maisha yake yote na anakumbuka namba ya kila gari la ndugu yake.

Kuhusu simu tunaomba uangalifu zaidi. Usiandike neno lolote katika kundi la ukoo la Watsapu, kwa kuwa Baba yumo na husomewa kila ujumbe na mjukuu wake wa miaka 6, ambaye kwa sababu hiyo naye hajaambiwa kitu. Usimpigie Mama, kwani simu yake hupokelewa na yeyote aliye karibu. Jibu kwa namba iliyokutumia ujumbe huu, kabla ya Jumamosi tarehe 13 Juni, kwa maneno haya tu: "Nitafika kwenye kikao cha shamba," ukitaja na idadi ya mtakaokuja. Baba akikuuliza kama umeitwa, mjibu kwamba umeitwa, kisha mgeuzie mazungumzo kwenye bei ya korosho. Hapo hatarudi nyuma. Watani wake tunawaomba kwa namna ya pekee wauzuie utani wao hadi siku yenyewe, ambapo watapewa nafasi yote wanayoitaka.

Hatukushona sare, kwa kuwa fundi wetu wa nguo ni rafiki yake. Vaa nguo yako nzuri. Hatukusanyi michango. Kutakuwa na pilau, pweza wa nazi, ming'oko na madafu. Ukitaka kuja na zawadi, tutafurahi zaidi ukiandika kwenye karatasi jambo moja unalomkumbuka nalo, hasa la miaka ambayo sisi tulikuwa wadogo au hatujazaliwa, nasi tutazishona karatasi hizo ziwe daftari moja na kumkabidhi jioni hiyo. Kama umri au afya haikuruhusu kusafiri, mtumie karatasi yako yeyote anayekuja.

Ukishausoma ujumbe huu, tafadhali ufute.

Wanao na ndugu zako,
Fatuma, Salumu na Somoe
Chikongola, Mtwara