Kiwango cha Chini cha Usalama wa Taarifa: Ofisi ya Tanga na Vituo vya Muheza na Pangani

Kinaanza kutumika Jumatatu, 2 Machi 2026. Kinamhusu kila anayeshika simu, laptopu au faili la shirika: waajiriwa 11, wanaojitolea 6, na mkaguzi wa nje muda wote anaokuwa na faili letu. Msimamizi wake ni mratibu wa ofisi. Asipokuwepo, mhasibu anashika nafasi.

Tuna simu 5 za zamu, laptopu 3 na faili moja la wafadhili lenye watu wapatao 600 wanaolipia ada, sare na chakula cha wanafunzi. Simu za zamu hubadilisha mikono hata mara mbili kwa siku, husafiri kwa bodaboda, na huchajiwa kwenye maduka ya watu. Tunaandika haya tukijua kwamba mojawapo itapotea. Siku hiyo isiwe na jina la mfadhili hata mmoja ndani yake. Mengi yanayofuata yametokana na sharti hilo.

1. Simu za zamu

Simu ni ya kituo, lakini kazi ina mwenyewe. Kila fomu ya KoboCollect inaanza kwa swali la namba ya mfanyakazi (U01 hadi U17), na daftari la makabidhiano linasainiwa na anayetoa na anayepokea, pamoja na saa. Bila daftari, fomu iliyojazwa vibaya haina wa kuulizwa.

Kila simu iwe na:

- PIN ya tarakimu 6, kioo kijifunge baada ya sekunde 30. Mchoro wa kidole haukubaliki: alama ya mafuta hubaki kwenye kioo na anayekaa jirani kwenye daladala anausoma kwa urahisi. Alama ya kidole ya mtu binafsi nayo isisajiliwe, maana hubaki kwenye simu hata mwenyewe akishaondoka kazini.
- PIN ya laini. Mwizi akichomoa laini na kuiweka kwenye simu nyingine, anapokea ujumbe wa uthibitisho wa WhatsApp kana kwamba ni sisi. Kama PIN ya zamani ni 1234 na mpya ni 5678, piga:

```
**04*1234*5678*5678#
```

(Chagua tarakimu nyingine, si hizi.) Kwanza iwashe kwenye mipangilio ya usalama ya simu, kisha ibadilishe. Ukikosea mara 3 simu itadai PUK. Usibahatishe, mpigie mratibu, kwani PUK ikikosewa mara 10 laini inakufa.

- Akaunti moja ya Google ya kifaa, isiyo na ruhusa yoyote kwenye Drive ya ofisi. Akaunti binafsi ya mfanyakazi haiingii kwenye simu ya zamu, hata "kwa dakika mbili tu": ikishaingia huanza kuvuta majina ya simu na picha zake, na za shirika huanza kwenda kwake.
- Laini iliyosajiliwa kwa jina la shirika. Hakiki kwa *106#. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha mtu anayejitolea ni mali yake kisheria; akiondoka anaweza kuomba dukani laini mbadala yenye namba ile ile na kuchukua WhatsApp ya kituo. Laini 2 za Pangani ziko hivyo sasa na zitabadilishwa kabla ya 31 Machi.
- Masasisho ya Android na programu kila Ijumaa, kwa waifai ya ofisi. Simu isiyopokea tena masasisho ya usalama inarudishwa ofisini na kubaki ya kupiga na kupokea tu.

Pesa za simu hazifunguliwi kwenye laini za zamu.

Kwenye KoboCollect, mratibu anawasha "Delete after send" na kuweka nywila ya msimamizi kwenye mipangilio iliyolindwa. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: msimbo wa QR unaotumika kuunganisha simu na seva hubeba jina la kuingilia na nywila ndani yake. Picha ya QR hiyo ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp, kila mwanakundi ameshapewa ufunguo. Simu zinaunganishwa ofisini, kwa QR iliyo kwenye kioo cha laptopu, basi.

WhatsApp ya kituo iwe na uthibitisho wa hatua mbili. PIN yake anashika mratibu. Kila Jumatatu anafungua "Linked devices" na kuondoa kifaa asichokitambua. Laptopu ya mgahawa iliyounganishwa mara moja huendelea kusoma ujumbe hata simu ikiwa Muheza. Upakuaji wa picha wa moja kwa moja uzimwe. Picha ya mwanafunzi haiandikwi jina la mfadhili wake, wala shule na jina kamili kwa pamoja. Inaandikwa namba ya mwanafunzi peke yake.

2. Waifai ya mgahawa

Chaguo la kwanza ni bando la simu ya zamu kwa njia ya hotspoti, yenye nywila ya herufi 12 au zaidi. Fomu na majedwali yetu ni mafaili madogo. Kinachokula bando ni picha, nazo zisubiri ofisini.

Ikibidi waifai ya mgahawa itumike, muulize mhudumu jina halisi la mtandao. Yeyote anaweza kuurusha mtandao wenye jina linalofanana na la mgahawa. Sehemu kubwa ya tunachotuma imesimbwa kati ya kifaa na seva, kwa hiyo anayesikiliza katikati hasomi yaliyomo. Hatari iko kwingine:

Ukurasa wa kuingia kwenye mtandao ukidai nywila ya barua pepe, funga. Mgahawa unahitaji namba ya vocha au ya simu, hauhitaji nywila yako. Kivinjari kikionya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, acha kazi hapo hapo na uhamie kwenye bando. Kubonyeza "endelea hata hivyo" ndiko kunakomfungulia mlango mtu wa katikati. Laptopu iwekwe "Public network" ili mafaili yake yasionekane kwa waliomo kwenye mtandao huo. Ukimaliza, futa mtandao kwenye orodha ya simu, la sivyo simu itajiunga yenyewe siku nyingine bila kukuuliza.

Kompyuta za mgahawa hazitumiki kwa akaunti yoyote ya shirika. Hatuna namna ya kujua kama zina programu inayorekodi kila kinachochapwa, na kufuta historia ya kivinjari hakuiondoi.

VPN za bure haziruhusiwi: zinahamisha tu imani kutoka kwa mwenye mgahawa kwenda kwa kampuni tusiyoijua. Mwaka 2023 TCRA ilitaka pia watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, hivyo hakuna mtu binafsi atakayeweka VPN kwenye kifaa cha shirika bila mratibu kulishughulikia hilo.

3. Majedwali ya wafadhili

Faili liko mahali pamoja, kwenye Drive ya ofisi. Wanaohariri ni mhasibu na afisa wa wafadhili, mkurugenzi anasoma. Uwandani hakuna anayelifungua. Ruhusa ibaki "Restricted". Kiungo cha "Anyone with the link" kikishapita kwenye WhatsApp kinasomwa na yeyote atakayekipata, na hatutajua ni nani. Zima pia ruhusa ya wahariri kugawa faili na ya wasomaji kupakua.

Taarifa zigawanywe mafaili mawili. La kwanza lina jina, simu, barua pepe na namba ya mfadhili, mfano W-0147. La pili lina namba hiyo, tarehe, kiasi na mwanafunzi anayedhaminiwa. Kazi nyingi za kila siku zinahitaji la pili tu. Ndilo anayeandaa ripoti atakalopewa.

Watu huchanganya vitu vitatu. Kuficha safu hakulindi chochote. Kunafunuliwa kwa mibofyo miwili. "Protect Sheet" ya Eksel inazuia mtu kuharibu fomula kwa bahati mbaya, haisimbi faili. Kinachosimba ni File > Info > Protect Workbook > Encrypt with Password. Faili linalokwenda kwa mkaguzi litumie njia hii, na nywila isomwe kwa simu ya sauti, isitumwe kwenye barua pepe ile ile. Nywila hiyo ikisahaulika hatuna pa kuiomba, kwa hiyo iandikwe kwenye kitunza nywila kabla faili halijatoka.

Uvujaji mwingine hauna mdukuzi. Mtu anachagua safu ya majina peke yake, anaipanga kwa alfabeti, na majina yanahama huku simu na barua pepe vikibaki palepale. Wiki inayofuata risiti za watu 600 zinakwenda kwa watu wasio wenyewe. Chagua jedwali lote kabla ya kupanga. Likishatokea, usirekebishe kwa mkono: fungua File > Version history na urudishe toleo la kabla. Safu ya simu iwekwe kama maandishi, vinginevyo Eksel inameza sifuri ya mwanzo ya 07 na mtu anayekuja "kuisahihisha" anaongeza tarakimu mahali pasipo pake.

Faili lililopakuliwa kwenye laptopu lifutwe siku hiyo hiyo, pamoja na kwenye pipa la takataka. Mfadhili aliyeacha kutoa kwa miaka 3 anaondolewa kwenye faili la majina, isipokuwa kile ambacho hesabu zinalazimisha kibaki.

4. Nywila na uthibitisho wa pili

Kila mtu ana akaunti yake. Nywila ya pamoja ipo kwa akaunti za vifaa tu. Tumia maneno manne au zaidi yasiyohusiana, na yasiyotoka kwenye methali au wimbo. Uthibitisho wa pili ni lazima kwa barua pepe na Drive, kwa programu ya kuzalisha namba iliyo kwenye simu binafsi ya mfanyakazi. Isiwekwe kwenye simu ya zamu, wala funguo-siri za kuingilia bila nywila, yaani passkey, zisihifadhiwe humo: mwenye PIN ya simu angeingia kama mtu mwingine. Misimbo 10 ya akiba ya Google ichapwe na kufungiwa kwenye sefu ya ofisi.

5. Maombi ya pesa

"Ile hela tuma kwenye namba hii" imeshazoeleka, lakini toleo lake la ofisini hufika kwa barua pepe nzuri yenye nembo: muuza sare amebadilisha akaunti ya benki. Mhasibu anampigia kwa namba iliyokuwa kwenye faili tangu awali, hata kama barua ina namba yake. Malipo ya zaidi ya Sh 500,000 yanaidhinishwa na watu wawili, na ujumbe wa WhatsApp wa mkurugenzi hauhesabiwi kuwa idhini. Ujumbe wa kitapeli utumwe 15040.

6. Simu ikipotea

Toa taarifa ndani ya dakika 30, hata usiku. Hakuna anayekatwa mshahara kwa simu iliyopotea akiwa kazini. Anayenyamaza hadi kesho anatunyima muda ambao tungefunga milango. Mratibu anafuata mpangilio huu:

1. Kuifunga simu na kufuta vilivyomo kupitia google.com/android/find.
2. Kupiga 100 kwa mtandao husika ili laini izuiwe.
3. Kubadilisha nywila ya KoboToolbox ya kituo na ya akaunti ya kifaa.
4. Kuisajili WhatsApp upya mara laini mpya inapopatikana.
5. Kuripoti polisi kwa namba ya IMEI, ambayo imeandikwa kwenye daftari la ofisi (*#06# huionyesha, ila simu ikiwa bado mkononi).

Fomu ambazo hazikuwa zimetumwa zinaorodheshwa: wanafunzi gani, taarifa gani. Taarifa binafsi zikiwa zimevuja, mkurugenzi anaijulisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa, kama Sheria ya mwaka 2022 inavyotaka, na wahusika wanaambiwa kwa lugha ya kawaida ni nini kimetoka.

7. Nakala rudufu

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mhasibu anahifadhi mafaili yote mawili kwenye diski ya nje iliyosimbwa. Diski ni mbili, zinapokezana. Moja hulala nje ya ofisi. Diski haibaki imechomekwa, kwani kirusi kinachofunga mafaili hufunga na yaliyo kwenye diski. Kila robo mwaka afungue faili moja kutoka kwenye diski na kulinganisha jumla ya michango na ile ya Drive.

Ruhusa maalumu

Anayehitaji kwenda kinyume na kifungu chochote aombe kwa mratibu kwa maandishi, akieleza sababu na siku ya mwisho, isiyozidi siku 14. Kifungu kinachokataza majina ya wafadhili kwenye simu za zamu hakiombewi ruhusa.