Upande wa Pili

Bibi yake Neema alikuwa anatimiza miaka 80 tarehe 27 Disemba, na Disemba mnajua mambo ya Uchagani, ukoo wote unapanda nyumbani, wa Dar wa Mwanza wa wapi, Kibosho inajaa magari mpaka kwenye migomba. Kazi zikagawanywa. Mbege ya mama mkubwa, ndafu ya baba mkubwa, keki ya shangazi wa Dar. Neema, wa kidato cha tatu, akaambiwa wewe shika muziki, si una simu.

Binamu zake wakasema we weka ile ya hepi bethidei tu na bongofleva kidogo, imeisha hiyo. Neema hakutaka. Kuna wimbo bibi anaumumunya miaka yote, akimenya ndizi za mtori, akipalilia kahawa, na kila siku anakatia palepale, kama gari limezima kwenye kilima, anakaa kimya kidogo halafu anarudi mwanzo. Wimbo wenyewe nani kaimba? Bibi hajui, anasema ulikuwa wa babu yenu.

Basi siku moja wakiwa jikoni Neema akaiweka simu nyuma ya beseni la ndizi akamrekodi. Dakika mbili, kisu kinasikika, maganda yanadondoka, bibi mmm mmm mmm, na katikati neno moja tu limetoka wazi, "stesheni". Akashinda usiku mzima YouTube anaandika stesheni wimbo wa zamani, stesheni zilipendwa, bando likaisha hajapata kitu.

Kesho yake akashuka mjini na daladala mpaka soko la Mbuyuni, kuna mzee fundi redio pale ana kibanda kidogo, anahamisha kanda na santuri kwenda kwenye flashi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu, lete hiyo redio."

"Sina redio babu, nina bibi."

Akamwekea. Mzee akainamisha kichwa, sikio kwenye simu, kidole kinagonga meza. Akasema hii ni ya bendi za Tanga, enzi za Atomic na Jamhuri, gitaa la kule linatembea hivi hivi anavyoimba bibi yako, maana yeye haimbi maneno, anaimba gitaa. (Na kweli, Neema alivyosikiliza tena ndo akagundua.) Ila santuri zake ziko kwenye maboksi, arudi Ijumaa.

Ijumaa akakuta mzee kachoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, ila mkononi ana kisanturi kidogo. "Bibi yako anaishia wapi?" Neema akamumunya mpaka pale pa kuzima. Mzee akacheka akaigeuza ile santuri. Akamweleza kwamba hizi za mizunguko 45 kila upande ulikuwa unabeba kama dakika tatu hivi, sasa wimbo ukiwa mrefu wanaukata katikati, upande wa kwanza taratibu watu wanasikiliza maneno, upande wa pili ndo chemko, gitaa zinachanganya. "Bibi yako kausikia nusu."

Jioni Neema akamuuliza baba yake, baba akanyamaza kidogo halafu akasema muulize baba yako mkubwa. Kumbe baba mkubwa akiwa na miaka mitano alichukua msumari akachora ng'ombe kwenye upande wa pili wa ile santuri, sindano ikawa inaruka tu. Babu akasema atanunua nyingine kahawa ikilipwa. Kahawa ikalipwa ikaenda ada, mwaka uliofuata ada tena, mpaka babu akafariki.

Siku yenyewe, watu wameshakula, ndafu imeshakatwa, Neema akachomeka flashi kwenye spika. Gitaa lilipoanza bibi akaacha kuongea. Mikono ikatulia juu ya kitenge. Mwanaume anaimba yuko stesheni toka asubuhi, treni imechelewa, kashika mwavuli, anauliza kila mtu kama mkewe yumo. Wimbo ukafika pale. Bibi akashusha pumzi akainama kuchukua kikombe chake cha mbege.

Halafu ngoma zikaingia.

Bibi akabaki kainama hivyo hivyo. Gitaa la pili likaingia juu ya la kwanza, vijana wa Dar wasioujua huo muziki wakaanza kutingisha mabega, na yule mwanaume sasa anaita jina la mkewe, anaita, treni imesimama, anamuona mlangoni na mtoto mgongoni. Baba mkubwa alikuwa anaangalia viatu vyake. Bibi akamtafuta kwa macho kati ya watu wote wale mpaka akampata.

"Umesikia? Alishuka," akamwambia. "Miaka yote hii namuwazia yule mama. Kumbe alishuka."

Akanyoosha mkono, baba mkubwa akaja akaushika, akamuinua.

"Neema," bibi akasema, "uanze tena. Toka mwanzo, usiruke."